Mechi ya watu 900 Mkwakwani: pesa ya kiingilio huishia wapi

Ukikaa upande wa mzunguko katika Uwanja wa Mkwakwani saa 10 jioni siku ya Jumatano, timu ya Tanga ikicheza na mgeni ambaye si Simba wala Yanga, unaweza kumsikia kocha akimwita beki wake kwa jina kutoka upande wa pili wa uwanja. Watu wapo, lakini wametawanyika kama mbegu zilizomwagwa na mtoto: kikundi kivulini, kikundi karibu na lango, wengine wawili watatu juu kabisa wakimenya machungwa. Mechi ikiisha, mazungumzo ya kurudi Ngamiani huwa yale yale. Mmoja atasema kiingilio ni kikubwa, kipunguzwe watu wajae. Mwingine atajibu kwamba hata wakijaa hakuna kitu, kwa sababu pesa yote inaliwa na viongozi. Wazee wanaoikumbuka Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 watasema tatizo ni timu.

Hoja zote tatu zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini klabu ya kiwango cha kati, yenye mashabiki wachache uwanjani, inaweza kuandaa mechi ya nyumbani, ikauza tiketi mia kadhaa, kisha ikarudi ofisini na fedha zisizotosha chakula cha jioni cha wachezaji. Ili kulielewa jambo hilo ni lazima kuifuata shilingi moja moja kutoka mlangoni hadi kwenye kitabu cha mhasibu. Nitatumia klabu ya mfano ya Tanga, inayochezea Mkwakwani katika ligi ya timu 16, na tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Anayetaka kuihesabia klabu yake atabadilisha tarakimu, kwa maana njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme mechi ya kawaida imeuza tiketi 900. Kati ya hizo, 760 ni za mzunguko kwa Sh 3,000, na 140 ni za jukwaa kuu, lenye kivuli, kwa Sh 5,000. Mzunguko umeingiza Sh 2,280,000 na jukwaa kuu Sh 700,000, jumla Sh 2,980,000. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo shabiki huipigia hesabu kichwani akiwa amekaa, na ndiyo humfanya aamini kwamba klabu imeondoka na karibu milioni tatu.

Makato ya kwanza ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi tayari ina kodi ndani yake, kwa hiyo mhasibu hachukui asilimia 18 ya Sh 2,980,000, bali hugawanya kiasi hicho kwa 1.18 ili apate mapato kabla ya kodi. Hapo zinabaki takribani Sh 2,525,000. Baada ya kodi huja mgawanyo: mwenye uwanja ana fungu lake, na Mkwakwani si mali ya klabu bali ni mali ya Chama Cha Mapinduzi; mamlaka za soka, kuanzia taifa hadi mkoa, zina mafungu yao; na anayeendesha mfumo wa tiketi naye hulipwa. Viwango hivi hutofautiana kutokana na kanuni za msimu na mkataba wa uwanja, kwa hiyo katika mfano huu tuviweke vyote pamoja kuwa asilimia 30. Zikiondoka hizo, klabu mwenyeji, ambayo katika Ligi Kuu ya sasa ndiyo inayobaki na mapato ya mlangoni baada ya makato, inashika takribani Sh 1,768,000.

Ni vyema msomaji aishike namba moja tu kutoka katika aya hiyo. Katika kila Sh 1,000 iliyolipwa dirishani, klabu inabaki na Sh 593. Tiketi ya mzunguko ya Sh 3,000 ni Sh 1,780 kwa klabu, na tiketi ya jukwaa kuu ya Sh 5,000 ni Sh 2,966. Ukichanganya tiketi zote 900, kila mtazamaji ameacha wastani wa Sh 1,964.

Sasa njoo kwenye gharama, ambazo ndizo zinazoamua kila kitu, na ambazo mashabiki hawazioni kwa sababu zinalipwa kabla hawajafika. Mechi haiwezi kuanza bila ulinzi, bila gari la wagonjwa, bila watu wa milangoni, bila wa kuchora mistari, kufagia na kuokota mipira. Tuseme askari na walinzi ni Sh 700,000. Gari la wagonjwa na wahudumu wake Sh 300,000. Wasimamizi na wakaguzi wa tiketi 25, kila mmoja Sh 15,000, ni Sh 375,000. Na maandalizi ya uwanja, maji, usafi pamoja na vijana waokota mipira ni Sh 325,000. Jumla ni Sh 1,700,000. Gharama hizi hazijui kama wamekuja watu 300 au 1,500. Gari la wagonjwa linasimama pale pale, dereva analipwa kiasi kile kile.

Ukitoa Sh 1,700,000 kwenye Sh 1,768,000, klabu inabaki na Sh 68,000 hivi kwa mechi nzima. Na ukigawanya gharama hizo kwa Sh 1,964 anazoacha kila mtazamaji, unapata watu 866, ambayo ndiyo idadi ya kurudisha gharama. Chini ya hapo, klabu inalipa ili icheze nyumbani. Watu 34 tu, idadi inayoingia kwenye basi moja dogo, ndio wanaotenganisha mechi yenye faida na mechi yenye hasara, na mvua ya nusu saa baada ya adhuhuri inatosha kuwazuia majumbani.

Hapo ndipo hoja ya kupunguza kiingilio inapopaswa kupimwa. Tuseme mzunguko umeshushwa kutoka Sh 3,000 hadi Sh 2,000. Kila mtu wa mzunguko sasa ataiachia klabu Sh 1,186 badala ya Sh 1,780, na ili mapato yabaki yalipokuwa ni lazima watu 760 wawe 1,140. Yaani ongezeko la nusu nzima, watu 380 wapya, si ili klabu ipate zaidi, bali ili isipate pungufu. Je, Sh 1,000 inaweza kuwaleta?

Ili kujibu, usiitazame bei ya tiketi peke yake; tazama bei ya jioni nzima. Mtu anayekaa mbali kidogo na uwanja analipa bodaboda Sh 1,000 kwenda na Sh 1,000 kurudi. Karanga, maji na machungwa vitamla Sh 1,000 nyingine. Kwa hiyo jioni yake inamgharimu Sh 6,000, na punguzo la Sh 1,000, ambalo klabu inaliona kuwa theluthi ya mapato yake, yeye analiona kuwa sehemu moja ya sita ya matumizi yake. Klabu imejikata sana, naye hakuguswa sana. Zaidi ya hayo, mshindani wa uwanja si bei ya zamani ya uwanja, bali ni kibanda umiza cha mtaani, ambako kwa Sh 500 mtu anaitazama mechi hiyo hiyo kwenye televisheni akiwa amevaa kandambili, na ikiisha anasubiri ya Uingereza kwa kiingilio kile kile au kwa kuongeza kidogo. Hata ukishusha tiketi hadi Sh 1,000, hujakifikia kibanda umiza kwa bei, na kwa umbali hutakifikia kamwe.

Kisha kuna saa. Mtu wa bandarini, fundi wa gereji au mwalimu hawezi kuwa Mkwakwani saa 10 jioni siku ya Jumatano, hata tiketi ikiwa bure. Ratiba ya ligi hupangwa na Bodi ya Ligi, ikizingatia pia matangazo ya televisheni, na klabu ndogo haina sauti kubwa hapo. Jambo hilo lina maelezo yake: mkataba wa Azam Media na Shirikisho la Soka uliotiwa saini mwaka 2021 ni wa miaka 10 na una thamani ya Sh bilioni 225.6, na kwa klabu ambayo mechi yake ya kawaida inabakiza Sh 68,000, kulalamikia saa ya televisheni ni kama mpangaji kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu rangi ya mlango. Hata hivyo, kama mechi za kati ya wiki huuza tiketi 600 na za Jumamosi huuza 1,100, basi tatizo la klabu hiyo ni saa za kazi, na kupunguza bei ya Jumatano kutamnufaisha yule yule ambaye angekuja kwa bei ya juu.

Vipi kupandisha? Kwa hesabu kavu, kupandisha kunavutia zaidi. Mzunguko ukiwa Sh 4,000, watu 570 wanatosha kuleta kiasi kilekile, kwa hiyo klabu inaweza kupoteza hadi watu 190, robo nzima, bila kuumia mechi ile. Wahasibu wengi wangesimama hapo. Mimi nisingegusa mzunguko, kwa sababu anayeondoka kwa hasira ya Sh 1,000 harudi mechi ijayo timu ikishinda. Anazoea kibanda umiza, na mtoto wake anazoea pamoja naye. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya jioni ile, inaonekana misimu miwili baadaye.

Jukwaa kuu ni habari nyingine. Anayekaa pale hakununua mpira peke yake, amenunua kivuli, kiti na nafasi ya kuonana na watu wake. Mara nyingi amekuja na gari lake, na jioni yake inamgharimu zaidi ya Sh 6,000 hata kabla ya tiketi. Tuseme bei imepanda kutoka Sh 5,000 hadi Sh 7,000, na watu 20 kati ya 140 wamehamia mzunguko au wamebaki nyumbani. Hata tukichukulia kwamba wote 20 wamebaki nyumbani, 120 waliobaki wanaingiza Sh 840,000 badala ya Sh 700,000, na klabu baada ya makato inaongeza Sh 83,000. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko faida yote ya mechi tuliyoanza nayo, na hakuna mtu wa mzunguko aliyeguswa.

Lakini pesa ya karibu zaidi haipo kwenye bei hata kidogo, ipo milangoni. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya maelfu, ukifunguliwa wote kwa ajili ya watu 900, unadai wasimamizi wa maelfu. Klabu yetu ya mfano ikifungua milango miwili tu na kufunga upande mmoja wa mzunguko, inaweza kufanya kazi na wasimamizi 12 badala ya 25, na kuokoa Sh 195,000. Ili kuzipata fedha hizo kwa kuuza tiketi ingelazimika kuleta watazamaji wapya 100. Kuna faida ya pili: watu 900 wakikusanywa upande mmoja, ule unaotazamana na kamera kuu, wanaonekana kuwa wengi, wanaimba pamoja, na mdhamini anayetazama kutoka Dar es Salaam haoni saruji tupu nyuma ya bango lake. Kinachotakiwa ni kukubaliana mapema na wasimamizi wa usalama, kwa maana milango ya dharura haifungwi kwa ajili ya kubana matumizi. Iliyofungwa kwa kuingilia lazima iwe na mtu wa kuifungua wakati wa kutoka.

Milangoni pia ndiko pesa inakovuja. Msimu mmoja niliombwa na klabu, ambayo sitaitaja, nikae kwenye lango la mzunguko na daftari tu, bila kumzuia mtu yeyote, niweke alama kwa kila aliyepita bila tiketi. Katika saa moja kabla ya mechi niliweka alama 61. Hawakuwa wahuni. Alikuwapo binamu wa mchezaji, alikuwapo mzee aliyewahi kuwa kiongozi na wajukuu zake watatu, walikuwapo vijana waliobeba katoni mbili za maji wakiwa watu sita, na alikuwapo bwana mmoja aliyepita kwa kusema tu, "Hujambo mwanangu, mwenyekiti kashafika?" Mkaguzi alimwitikia shikamoo na kusogea pembeni. Hakuna aliyemuuliza mwenyekiti yupi.

Njia ya kugundua uvujaji ni rahisi na haihitaji mashine. Wakati wa mapumziko, mtu asiyehusika na milango ahesabu vichwa kwa kila jukwaa, kisha idadi hiyo ilinganishwe na tiketi zilizouzwa pamoja na orodha ya wageni wa mwaliko. Kama vitabu vya tiketi bado vinatumika, namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu iandikwe kabla kitabu hakijatoka ofisini na baada ya kurudi. Kama ni tiketi za kielektroniki, mfano wa N-Card iliyozoeleka katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, linganisha zilizouzwa na zilizosomwa mlangoni: zilizosomwa zikiwa pungufu kuliko vichwa vilivyomo ndani, mlango umefunguliwa kwa mkono. Teknolojia huzuia tiketi bandia na huzuia fedha taslimu kukaa mfukoni mwa mtu usiku kucha, lakini haimzuii mkaguzi kumheshimu mkubwa.

Tuseme hesabu ya vichwa imetoa watu 1,150 dhidi ya tiketi 900. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha 250 kwa Sh 3,000 na kutangaza kwamba klabu imeibiwa Sh 750,000. Wengi wa hao 250 wasingekuja kama wangelipishwa. Ukichukulia kwamba theluthi moja, watu 83, wangelipa, klabu ingebaki na Sh 148,000 zaidi. Bado ni mara mbili ya faida ya mechi.

Hadi hapa sijagusa mechi mbili ambazo kila mtunza hazina wa klabu ya mkoani anazisubiri kama mkulima anavyosubiri vuli. Simba au Yanga ikija Mkwakwani, mzunguko unaweza kuuzwa Sh 10,000 na jukwaa kuu Sh 20,000. Tuseme wamekuja watu 8,000 wanaolipa, 7,200 mzunguko na 800 jukwaa kuu. Mapato ni Sh milioni 88, klabu inabaki na Sh milioni 52 hivi baada ya kodi na mgawanyo, na hata gharama za ulinzi na usimamizi zikifika Sh milioni 6, kinachobaki ni takribani Sh milioni 46. Mechi mbili za namna hiyo ni Sh milioni 92. Mechi 13 nyingine za nyumbani, kwa Sh 68,000 kila moja, hazifiki hata milioni moja. Zaidi ya asilimia 99 ya faida ya mlangoni ya msimu mzima inapatikana katika jioni mbili.

Hii ndiyo sababu ya kuwa makini sana na neno wastani. Klabu hii ikisema kwamba mechi yake ya nyumbani huibakizia wastani wa Sh milioni 6.2, haijadanganya, lakini haijasema kitu chochote kuhusu mechi yoyote iliyowahi kuchezwa. Hakuna mechi ya milioni sita. Kuna mbili za milioni 46 na kuna 13 za hela ya vocha. Uongozi unaopanga mishahara ya Novemba kwa wastani huo, wakati Simba watakuja Februari, utajikuta unakopa kwa mfanyabiashara wa mjini, na mkopo huo ndio utakaomeza mechi ya Februari kabla haijachezwa.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu zinalificha. Wale watu 8,000 wengi si wa klabu. Ni watu wa Tanga, wamezaliwa Chumbageni na Makorora, lakini wamevaa nyekundu au kijani na njano, na wamekuja kumtazama mgeni. Bei yao haiambatani na bei ya mechi ya kawaida, kwa sababu kwao hiyo ni fursa ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kupandisha kiingilio siku hiyo ni halali kabisa kibiashara. Kinachokera ni kumpandishia pia yule aliyekuja mechi zote nyingine 13. Baadhi ya klabu zimekwenda mbali zaidi na kuhamishia mechi ya aina hii katika mji mwingine wenye uwanja mkubwa. Hesabu ya siku moja inaweza kukubali, lakini wafanyabiashara wa Tanga, wenye nyumba za wageni na mama lishe, wanapoteza jioni yao kubwa ya mwaka, na mara nyingi hao ndio wanaochangia usajili.

Njia ya busara zaidi ni kumlinda shabiki wa kudumu kwa kadi ya msimu, na hapa kuna mfano wa Uingereza unaotajwa mara nyingi. Bradford City, ikiwa daraja la tatu katika uwanja wa watu kama 25,000, iliuza kadi ya msimu wa 2015/16 kwa pauni 149 na ikauza zipatazo 18,000. Ilijaza viti ambavyo vingekaa tupu, na ilipata fedha kabla mpira haujachezwa. Ila mfano huo hausafiri mzima mzima hadi Tanga, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Mechi 13 za kawaida kwa Sh 3,000 ni Sh 39,000. Tuseme kadi inauzwa Sh 25,000. Shabiki wa kudumu aliyezoea kuja mara 11 alikuwa akilipa Sh 33,000, kwa hiyo kwake klabu imepoteza Sh 8,000. Aliyekuwa akija mara 5 alilipa Sh 15,000, na kwake klabu imepata Sh 10,000 za ziada. Mpaka upo kwenye mechi ya nane: kadi inaipa klabu faida inapouzwa kwa mtu anayekuja mara nane au chini ya hapo, na inaipa hasara inapouzwa kwa anayekuja zaidi. Lakini wa kwanza kukimbilia kadi daima ni yule anayekuja zaidi. Ndiyo maana kadi inayouzwa ofisini tu, kwa watu wanaofika ofisini, hula mapato badala ya kuyaongeza. Ili imfikie wa mara tano ni lazima ipelekwe alipo, kiwandani, bandarini, kijiweni, na ilipwe kidogo kidogo kwa simu, tuseme Sh 5,000 mara tano mwisho wa mwezi, kwa kuwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku hatoi Sh 25,000 mwezi Agosti kwa mpira wa mwezi Mei. Na aipate pamoja na haki moja ambayo pesa taslimu hainunui: kununua tiketi ya mechi ya Simba na ya Yanga kwa nusu ya bei, kabla mauzo hayajafunguliwa kwa wengine. Haki hiyo inaigharimu klabu Sh 5,000 kwa tiketi, Sh 2,966 baada ya makato, na ndiyo itakayomfanya wa mara tano aone kadi ina maana.

Mapato ya chakula, maegesho na jezi nayapita haraka, kwa sababu kwenye umati wa watu 900 ni madogo. Muuza karanga anayezunguka jukwaani hapati faida ya kutosha kulipa kodi ya kibanda, na klabu inayomtoza sana humfukuza, ikabaki na mashabiki wenye njaa. Jezi ni biashara halisi, lakini huuzwa mjini wiki nzima, haisubiri siku ya mechi.

Sasa tujumlishe yale matatu yasiyogusa bei ya mzunguko: milango Sh 195,000, jukwaa kuu Sh 83,000, uvujaji Sh 148,000. Mechi ya kawaida iliyobakiza Sh 68,000 inafika takribani Sh 494,000, na kwa mechi 13 ni Sh milioni 6.4. Mtu anaweza kucheka, akalinganisha na milioni 92 za jioni mbili. Lakini idadi ya kurudisha gharama imeshuka kutoka watu 866 hadi kama 720, na hiyo ina maana kwamba Jumatano ya mvua haiitoi klabu pesa mfukoni.

Limebaki swali la jinsi ya kujua kama mabadiliko yamefanya kazi, na hapa ndipo viongozi wengi hujidanganya kwa nia njema. Bei inashushwa mechi moja, wanakuja watu 1,050 badala ya 900, na uamuzi unatangazwa kuwa umefaulu. Lakini umati mdogo hubadilika wenyewe: mgeni akiwa na mchezaji wa timu ya taifa, timu ikitoka kushinda ugenini, mshahara ukiwa umetoka juzi, au masika ikiwa imepumzika siku mbili, watu 150 huongezeka bila mtu kugusa bei. Kulinganisha kwa haki ni kuweka mechi ya Jumamosi kando ya mechi ya Jumamosi, mgeni wa kati kando ya mgeni wa kati, mwisho wa mwezi kando ya mwisho wa mwezi, na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukichuja mechi 13 kwa ungo huo, unabaki na tatu au nne zinazolingana kwa msimu. Kwa hiyo bei ya mzunguko iliyobadilishwa Septemba na kurudishwa Novemba haijajaribiwa. Na mtunza hazina anayetaka jibu atalazimika kuandika, kwa kila mechi na kwa misimu miwili mfululizo, tiketi zilizouzwa kwa kila jukwaa, vichwa vilivyohesabiwa wakati wa mapumziko, siku, saa, mgeni, na kama mvua ilinyesha baada ya adhuhuri.